Wasaili wanne, karatasi nne: alama za usaili wa jopo zinapatikanaje?

Majina ya walioitwa kwenye usaili yakitoka, maelezo ya kila aina huzagaa Mwanza, kuanzia vibanda vya vifurushi pale Nyegezi hadi foleni za kutoa nakala za vyeti mjini. Mmoja atakuambia mwenyekiti wa jopo ndiye mwenye kazi yake, kwa hiyo ukimridhisha yeye umemaliza. Mwingine atasema alikosa ajira kwa sababu mama mmoja pembeni "alimnunia" tangu alipofungua mlango. Wa tatu alitikisiwa kichwa mwanzo hadi mwisho, akatoka akipiga simu nyumbani Ukerewe kuwaandaa kwa sherehe, na jina lake halikutokea.

Wote watatu wanazungumza kana kwamba jopo ni mtu mmoja mwenye vichwa vinne. Sivyo lilivyo. Kwenye usaili wa mahojiano wa taasisi ya umma, kila msaili huwa na karatasi yake ya alama na huijaza peke yake. Alama yako ni mjumlisho wa karatasi hizo. Ukielewa mjumlisho huo unavyofanyika, maandalizi yako yatabadilika, kwa sababu utagundua kwamba unapaswa kusikika kwa usawa na watu wanne kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo la kufanyia mazoezi.

Tuanze na maneno. Msailiwa ni wewe unayehojiwa. Msaili ni anayekuhoji na kukupa alama. Jopo ni wasaili wote kwa pamoja, mara nyingi watatu hadi watano: mwenyekiti, mtaalamu mmoja au wawili wa fani, na mtu wa utumishi. Hoja, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni jambo moja ambalo jopo lilikubaliana kabla hujaingia kwamba jibu zuri lazima liwe nalo. Orodha ya hoja hizo pamoja na alama za kila moja ndiyo mwongozo wa alama. Ni kama mwongozo wa kusahihisha mtihani wa darasani, ila huu unasahihishwa kwa masikio, na jibu halirudiwi.

Kwa nafasi nyingi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mahojiano huja baada ya mchujo wa kuandika, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo huwa katikati. Kwa hiyo anayefika mbele ya jopo ameshaonyesha kwamba kitabu anakijua. Wengi hushindwa hapa kwa sababu yale wanayoyajua hayafiki kwenye karatasi za wasaili.

Hebu tuone karatasi yenyewe kwa mfano. Tuseme nafasi ni ya Afisa Uvuvi Msaidizi, na swali la tatu linasema: "Umefika mwaloni asubuhi kwa ukaguzi, ukakuta mtumbwi umeshusha sangara wadogo. Eleza utakachofanya." Swali lina alama 10. Mwongozo una hoja tano, kila moja alama mbili. Ya kwanza: jitambulishe na ushirikishe uongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo huo, kile ambacho wavuvi wanakiita BMU. Ya pili: pima samaki ili kuthibitisha, maana sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi. Ya tatu: kagua leseni ya mvuvi na ya chombo, pamoja na zana iliyotumika. Ya nne: zuia mzigo kwa maandishi, ukiorodhesha idadi na uzito, na mwenye mali na shahidi wasaini. Ya tano: toa taarifa kwa mkuu wako na kukabidhi kielelezo mapema kwa hatua za kisheria, kwa kuwa samaki wabichi wanaoza.

Hoja na mgawo huo nimeutunga kwa ajili ya makala hii, lakini karatasi halisi hujengwa kwa mtindo huohuo.

Msailiwa wa kwanza anajibu hivi: "Uvuvi haramu ni janga kubwa kwa Ziwa letu, unapunguza samaki na kuathiri pato la taifa. Mimi kama afisa nitachukua hatua kali kwa mujibu wa sheria na kanuni, nitashirikiana na wadau mbalimbali, na nitatoa elimu kwa wavuvi ili waache matumizi ya makokoro na timba."

Anaongea vizuri, kwa kujiamini, na hajasema uongo wowote. Tatizo linaanza pale wasaili wanapotafuta hoja kwenye maneno yake. "Wadau mbalimbali" ni BMU? Msaili wa kwanza anaona ni BMU, anampa alama mbili. Wa pili anampa moja. Wa tatu na wa nne wanaona mdau anaweza kuwa yeyote, hata mnunuzi wa samaki, kwa hiyo sifuri. "Hatua kali kwa mujibu wa sheria" ni ile hoja ya nne au ya tano? Kila mmoja anaamua kivyake. Mwishoni karatasi zinasoma 4, 2, 3 na 1. Jumla ni 10, ukigawa kwa wanne unapata 2.5 kati ya 10. Yeye ametoka akijua amejibu.

Msailiwa wa pili anaanza kwa sentensi moja: "Nitafanya mambo manne, kwa mpangilio huu." Kisha: "Kwanza, nitajitambulisha kwa kitambulisho na kumwita kiongozi wa BMU awepo. Pili, nitapima samaki kwa rula, kwa sababu sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na siwezi kumtuhumu mtu kwa kukadiria kwa macho. Tatu, nitaomba leseni ya mvuvi na ya mtumbwi na kukagua nyavu. Nne, nitazuia samaki hao kwa hati inayotaja idadi na kilo, mwenye mali asaini na kiongozi wa BMU asaini kama shahidi."

Hakugusa hoja ya tano. Karatasi zinasoma 8, 8, 7 na 8. Jumla 31, wastani 7.75. Linganisha na za mwenzake: zake zimekaribiana sana, ingawa wasaili hawakunong'onezana. Kila jambo alilosema lina umbo moja tu, hivyo wote wanne walisikia kitu kilekile. Jibu la jumlajumla humlazimisha kila msaili kukisia, na watu wanne hawakisii sawa.

Kuna sababu nyingine ya kusema kwa vitu vinavyoshikika. Msaili anaandika huku anasikiliza, na mkono hauwezi kuufuata mdomo wa mtu mwenye haraka. Ukimwaga maneno, ataandika robo ya uliyosema, na huwezi kuchagua robo ipi. Ukitaja idadi ya mambo mwanzoni, anaandika 1 hadi 4 pembeni mwa karatasi na kusubiri uzijaze. Ukimaliza jambo moja, nyamaza kwa pumzi moja. Ukimya huo unaoonekana mrefu kwako ndio muda wake wa kumaliza sentensi. Hapo pia ndipo linapopatikana jibu kwa wale wanaosumbuliwa na msaili aliyeinamisha kichwa bila tabasamu: huenda ndiye anayekuandikia vizuri kuliko wote. Anayekutazama na kutikisa kichwa anaweza kuwa ameshaacha kuandika.

Sasa tumrudie yule mama wa pembeni. Msaili mmoja mkali anaweza kukuangusha? Tufanye hesabu. Chukua karatasi za msailiwa wa pili, 8, 8, 7, 8, kisha tuseme yule wa mwisho kaamua kutoa 4 badala ya 8. Jumla inashuka hadi 27 na wastani unakuwa 6.75. Ukali wa mtu mmoja wa kupunguza alama nne umekugharimu alama moja, kwa sababu sauti yake ni robo tu ya jopo. Kama ana tabia ya kubana alama, anambana kila anayeingia siku hiyo, kwa hiyo nyote mnashuka pamoja na nafasi zenu katika orodha hubaki karibu palepale. Hesabu hiyohiyo inamhusu na yule unayedhani ni "mtu wako" ndani. Angekupa 10 mahali pa 8, wastani wako ungepanda kwa nusu alama, na hapo hatujasema kwamba msaili mwenye undugu na msailiwa anatakiwa kutangaza hivyo na kukaa pembeni.

Lakini nisiwadanganye kwamba mfumo huu hauna nyufa. Ukali unaumiza pale usipokuwa sawa kwa wote. Nafasi moja ikiwa na waombaji wengi hadi yakaundwa majopo mawili, aliyeangukia jopo linalobana yuko hatarini kuliko mwenzake wa chumba cha pili. Msaili aliyechoka saa tisa alasiri, baada ya kusikia jibu lilelile mara ishirini, hasikii kama alivyosikia saa tatu asubuhi. Huwezi kuchagua jopo wala zamu. Unachoweza ni kupunguza nafasi ya kukisiwa, maana mchovu hukisia zaidi. Na pale wanapolinganisha karatasi wakakuta tofauti kubwa, mwenyekiti makini humtaka kila mmoja aeleze kwa kusoma alichoandika. Aliyeandika "sm 50, rula, shahidi BMU" ana cha kuonyesha. Aliyeandika "kaeleza sheria" hana, na alama yako inategemea kumbukumbu yake.

Jambo jingine ambalo watu hawalitumii ni kwamba alama hutolewa swali kwa swali. Ukivuruga swali la pili, la tatu linaanza na alama zake zote zikiwa mezani. Ninavyoona mimi, wengi hupoteza alama zaidi kwenye swali linalofuata baada ya kosa kuliko kwenye kosa lenyewe, kwa sababu bado wanajibu la nyuma kichwani. Mwingine husema kabisa, "Samahani, naomba nirudi kwenye lile swali." Ukirudi kwa hoja moja mahususi, na muda upo, si vibaya kuomba. Ukirudi ili kuomba radhi, unakula muda wa alama ambazo bado hujazigusa.

Kwa upande mwingine, usitegemee kwamba jibu zuri la swali la kwanza litakubeba. Wasaili ni binadamu, mng'aro wa mwanzo huwaathiri kidogo, lakini karatasi inamdai kila mmoja aweke namba kwenye kila mstari. Hoja uliyoitaja kwenye swali la kwanza na inayotakiwa pia kwenye la nne, itaje tena. Usiseme "kama nilivyoeleza mwanzo" ukaishia hapo. Karatasi imeshageuzwa ukurasa.

Haya yote yanaleta namna moja ya mazoezi ambayo haihitaji fedha. Chukua tangazo la kazi, nenda sehemu ya majukumu. Kila jukumu ligeuze kuwa maswali mawili: la hatua ("ungefanyaje...") na la tukio ("umekuta... utafanya nini"). Maswali ya maana, yale ya "nini maana ya", ulishayapita kwenye mchujo, usiyape muda mwingi. Kwa jukumu kama "kukusanya takwimu za uvuvi mwaloni", swali la tukio linaweza kuwa: mvuvi anakataa kukupimia mzigo akisema ana haraka ya kwenda kuuza Kirumba, utafanya nini? Andika hoja tano kwa kila swali, kila hoja isizidi maneno manane. Majukumu sita yatakupa maswali 12, na hayo yanatosha. Rundo la maswali 100 ya kupakua mtandaoni litakufanya ukariri majibu ya watu wengine.

Kisha tafuta watu watatu. Si lazima wawe wasomi wa fani yako, na ni afadhali wasiwe, maana mtaalamu atajaza mwenyewe ulichoacha. Kaka, jirani na shangazi anayeuza sato wanatosha. Kila mmoja mpe karatasi yenye hoja tano za swali na kalamu. Sheria ni mbili. Wasizungumze wala kuchunguliana. Na kila hoja waipe 2 kama wameisikia wazi, 1 kama wameisikia nusunusu, 0 kama hawakuisikia. Wewe jibu umekaa kitini, bila karatasi, kwa dakika mbili hadi tatu. Usirudie hata wakikuomba.

Ukimaliza, zipange karatasi tatu sambamba na usome mstari kwa mstari, usikimbilie jumla. Tuseme hoja ya leseni ina 2, 2, 2. Hiyo iache. Hoja ya taarifa kwa mkuu wako ina 0, 0, 0. Hapo ama hukuijua ama uliisahau, na dawa yake ni kurudi kwenye madaftari. Hoja ya hati ya kuzuia mzigo ina 2, 0, 1. Huu ndio mstari wenye thamani kuliko yote, kwa sababu hoja uliisema, lakini kwa mmoja haikufika kabisa na kwa mwingine ilifika ikiwa imevunjika. Muulize yule aliyetoa sifuri alisikia nini. Mara nyingi utakuta uliimeza mwishoni mwa sentensi ndefu, au ulitumia neno pana kama "utaratibu", au wakati huo ulikuwa umemwelekea mtu mwingine na sauti ikaenda upande mmoja.

Hilo la kuelekea lina njia yake. Anza jibu ukimtazama aliyekuuliza, kisha kila hoja mpya ipeleke kwa msaili mwingine, na ya mwisho irudi kwa aliyeuliza. Hoja nne, watu wanne. Ukikwama kwa yule anayetabasamu, wengine watatu wanasikiliza mazungumzo yasiyowahusu.

Siku inayofuata rudia swali lilelile, lakini badilisha wasikilizaji kama unaweza. Wale wa jana wameshajua unataka kusema nini, masikio yao yatakuhurumia na alama zitapanda bila wewe kubadilika. Hapo ndipo wengi hujidanganya: wanafanya mazoezi na rafiki mmoja kwa wiki nzima, rafiki anaelewa hata wakisema nusu, halafu wanakutana na watu wanne wasiowajua.

Swali la "tueleze kwa ufupi kuhusu wewe" nalo huwa na hoja zake, na huwa ni elimu, uzoefu na jinsi viwili hivyo vinavyogusa kazi inayoombwa. Kuzaliwa kwako Sengerema na idadi ya wadogo zako haviwekewi alama. Dakika moja inatosha.

Kuhusu nyaraka nitapita haraka, ingawa humrudisha mtu mlangoni kabla hata hajasikia swali. Beba vyeti halisi na kitambulisho. Karatasi ya matokeo haihesabiwi badala ya cheti. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, lishughulikie kisheria mapema, si asubuhi ya usaili. Anayetoka Nansio aje siku moja kabla. Boti ikichelewa, jopo haliwezi kumpa alama mtu ambaye hayupo.

Linabaki neno "kufaulu", ambalo huleta ugomvi kila orodha ya ajira inapotoka. Wastani wa jopo ukishapatikana, wasailiwa hupangwa kuanzia juu kwenda chini. Tuseme nafasi ni 2 na waliofikia alama ya ufaulu ni 7. Wawili wa juu wanapangiwa kituo. Watano waliobaki wamefaulu, hawajapata. Kwa nafasi za Sekretarieti ya Ajira, matokeo yao huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada hiyo ikipatikana baadaye ndani ya muda wa hifadhi hiyo, mtu anaweza kupangiwa kazi bila kusailiwa upya. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuitwa miezi kadhaa baada ya usaili wenu, watu wakadhani kapitishwa dirishani. Na tofauti kati ya wa pili na wa tatu kwenye orodha hiyo inaweza kuwa sehemu ya alama, yaani hoja moja ambayo msaili mmoja kati ya wanne aliisikia nusunusu.